Salio la Ruwaza: Njia ya Mkato ya Kuunda Mashine ya Kusoma Maandishi

Katika lugha ya programu ya C, maelezo ambayo kompyuta haitakiwi kuyafanyia kazi huandikwa kati ya alama `/*` na alama `*/`. Kompaila yoyote ya C lazima iyatambue maelezo hayo na kuyaruka. Kazi hiyo yaonekana nyepesi, lakini mwanagenzi akiambiwa aandike ruwaza ya kuyanasa, mara nyingi ataandika `/\*.*\*/`, yaani alama ya kufungulia, kisha herufi zozote, kisha alama ya kufungia. Mstari ukiwa na maelezo mawili, ruwaza hiyo huanzia kwenye maelezo ya kwanza, hupita juu ya msimbo ulio katikati, na huishia mwisho wa maelezo ya pili. Msimbo wa katikati humezwa wote.

Ruwaza sahihi ipo, nayo huandikwa hivi: `/\*([^*]|\*+[^*/])*\*+/`. Tatizo ni kwamba hata mtu aliyezoea kazi hii akiitazama hawezi kusema papo hapo kwa nini ni sahihi. Tulichotaka kusema ni kifupi zaidi: fungua, weka maandishi yoyote yasiyo na `*/` ndani yake, kisha funga. Kinachokwamisha ni huko kukanusha, "yasiyo na". Zana nyingi za ruwaza hazina alama ya kukanusha ruwaza nzima, na sababu yake iko katika namna zinavyoigeuza ruwaza kuwa mashine. Njia nyingine, isiyo na kikwazo hicho, ilichapishwa mwaka 1964 na Janusz Brzozowski, mzaliwa wa Warsaw nchini Poland aliyekuwa akifanya kazi Kanada. Ni njia ambayo mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi anaweza kuifuata.

Ruwaza na mashine yake

Ruwaza ni maelezo mafupi ya kundi la maneno. Alama zake za msingi ni chache. Herufi husimama badala yake yenyewe. Vitu viwili vikifuatana bila alama kati yao, maana yake ni "hiki kisha kile". Alama `|` ni "au". Alama `*` ni "rudia mara zozote, hata isiwe mara moja". Tutahitaji pia alama mbili za pembeni: `ε` ni neno tupu, lisilo na herufi hata moja, na `∅` ni ruwaza isiyokubali neno lolote.

Ili kompyuta itumie ruwaza kwa haraka, huigeuza kuwa mashine ya hali. Mashine hii haina kumbukumbu nyingine zaidi ya kujua iko katika hali gani. Inasoma herufi moja, inahamia hali nyingine au inabaki ilipo, kisha inasoma herufi inayofuata. Baadhi ya hali ni za kukubali. Maandishi yakiisha mashine ikiwa katika mojawapo ya hizo, neno limekubaliwa. Mashine nzuri kwa kazi hii ni ile ya njia moja, ambayo kwa kila hali na kila herufi ina mahali pamoja tu pa kwenda. Haibahatishi wala hairudi nyuma. Maandishi ya herufi milioni moja huisha kwa hatua milioni moja.

Njia inayofundishwa katika vitabu vingi huifikia mashine hiyo kwa kuzunguka. Kwanza ruwaza hugeuzwa kuwa mashine ya njia nyingi, ambayo herufi moja yaweza kuipeleka mahali zaidi ya pamoja, na ambayo huweza kuhama bila kusoma herufi yoyote. Hatua hiyo hufuata utaratibu wa Ken Thompson wa mwaka 1968. Kisha mashine hiyo hugeuzwa kuwa ya njia moja kwa mbinu ya Michael Rabin na Dana Scott ya mwaka 1959, ambapo kila kundi la hali za zamani huwa hali moja mpya. Mwishoni huja hatua ya tatu ya kuipunguza, kwa sababu mara nyingi inakuwa na hali zinazofanya kazi ileile.

Mzunguko huo ndio unaoleta shida ya kukanusha. Katika mashine ya njia moja, kukanusha ni kubadilishana tu: hali za kukubali zinakuwa za kukataa, na za kukataa zinakuwa za kukubali. Katika mashine ya njia nyingi ubadilishanaji huo hauna maana, kwa sababu neno moja laweza kuifikisha mashine kwenye hali ya kukubali kwa njia hii na ya kukataa kwa njia ile. Kwa hiyo ukanushaji ukiwa katikati ya ruwaza, ni lazima usimame, ugeuze kipande hicho chote kuwa cha njia moja, ukikanushe, kisha uendelee. Watengenezaji wengi wa zana wameona heri waiache alama hiyo.

Swali moja: kimebaki nini?

Brzozowski, ambaye tasnifu yake ya Princeton ilihusu ruwaza na saketi za umeme, aliuliza swali moja tu. Nikiwa na ruwaza, kisha nikasoma herufi moja, ni maneno gani yanapaswa kufuata ili neno zima likubalike? Jibu la swali hilo ni ruwaza nyingine, aliyoiita derivativu. Hapa tutaiita salio.

Kwa ruwaza `la`, ukisoma `l` salio ni `a`, kwa kuwa hiyo ndiyo inayodaiwa bado. Ukisoma `a` mwanzoni, salio ni `∅`, kwa kuwa hakuna neno la kundi hilo linaloanza na `a`. Kwa ruwaza ndefu zaidi kuna kanuni chache. Tukiandika `S_l(r)` kwa maana ya salio la ruwaza `r` baada ya kusoma `l`, kanuni zenyewe ni hizi:

```
S_l(l)   = ε
S_l(a)   = ∅
S_l(ε)   = ∅
S_l(∅)   = ∅
S_l(r|s) = S_l(r) | S_l(s)
S_l(r*)  = S_l(r) r*
S_l(rs)  = S_l(r) s              (r haikubali neno tupu)
S_l(rs)  = S_l(r) s | S_l(s)     (r inakubali neno tupu)
```

Kanuni ya `*` inasema kwamba herufi huchukuliwa kutoka mzunguko mmoja, mzunguko huo humaliziwa, kisha marudio huendelea kama kawaida. Kanuni mbili za mwisho ndizo zinazohitaji uangalifu. Katika `rs`, herufi ya kwanza kwa kawaida hutoka katika `r`. Lakini kama `r` yaweza kuwa tupu, herufi hiyo yaweza kuwa imetoka moja kwa moja katika `s`, kwa hiyo uwezekano wote wawili lazima uandikwe. Anayekosea kwa mara ya kwanza hukosea hapa, na dalili yake ni mashine kukataa maneno mafupi yaliyopaswa kukubalika.

Jambo la msingi linafuata. Ruwaza yenyewe ndiyo hali ya kuanzia. Salio lake kwa kila herufi ndiyo hali inayofuata. Salio la salio ndiyo hali ya baadaye, na kadhalika. Kwa kuwa herufi moja ina salio moja tu, mashine inayopatikana ni ya njia moja tangu mwanzo. Hali ya kukubali ni ile ambayo ruwaza yake inakubali neno tupu, maana hapo hakuna kinachodaiwa tena.

Tuifanye kazi yenyewe

Tuchukue maneno yote ya herufi `l` na `a` yanayoishia na `la`, kama vile `la`, `lala` na `alla`. Ruwaza yake ni `(l|a)*la`. Tuiite `K`.

`K` haikubali neno tupu, kwa hiyo hali ya kuanzia si ya kukubali. Tusome `l`. Sehemu ya kwanza, `(l|a)*`, inakubali neno tupu, hivyo tunaandika uwezekano wote. Herufi ikitoka kwenye marudio, kinachobaki ni `(l|a)*la`, yaani `K` yenyewe. Ikitoka kwenye `la` ya mwisho, kinachobaki ni `a`. Salio basi ni `K|a`, ambayo ni hali mpya. Turudi kwenye `K` tusome `a`. Kwenye marudio inabaki `K`, na kwenye `la` inabaki `∅`, kwa kuwa `la` haianzi na `a`. `K|∅` ni `K` tu, kwa hiyo mashine inabaki ilipo.

Sasa tuko kwenye `K|a`. Tukisoma `l`, upande wa `K` unatoa `K|a` kama tulivyokwisha kuona, na upande wa `a` unatoa `∅`. Jumla ni `K|a`, hali ileile. Tukisoma `a`, upande wa `K` unatoa `K` na upande wa `a` unatoa `ε`. Tumepata `K|ε`, hali mpya, nayo inakubali neno tupu. Hiyo ndiyo hali ya kukubali.

Kutoka `K|ε`, herufi `l` inatupeleka `K|a` na herufi `a` inaturudisha `K`. Hakuna hali nyingine mpya, kwa hiyo kazi imekwisha:

```
hali     l      a      inakubali?
K        K|a    K      hapana
K|a      K|a    K|ε    hapana
K|ε      K|a    K      ndiyo
```

Hali ni tatu. Ukiipitisha ruwaza hiyohiyo katika njia ya kuzunguka kama ilivyo vitabuni, utaanza na mashine ya njia nyingi yenye hali 10, utaigeuza kuwa ya njia moja yenye hali 4, kisha utaipunguza hadi 3. Faida nyingine haionekani kwenye hesabu. Katika njia ya kuzunguka hali huwa ni namba, mathalani kundi la hali ya 5, 6 na 9, na ukitafuta kosa namba hizo hazikuambii kitu. Hapa kila hali inajieleza. `K|a` inasema wazi: ama neno linaanza upya, ama inadaiwa `a` moja tu.

Mahali kazi inapoharibika

Mfano wetu uliisha mapema kwa sababu tulikuwa tukirahisisha kila tulipofika. Tuliifuta `∅`, na tuliitambua hali ya zamani ilipojitokeza tena. Asiyefanya hivyo hataifikia mwisho wa kazi. Chukua ruwaza `(l*)*`, ambayo kwa kweli ni `l*` iliyoandikwa kwa kujirudia. Salio lake kwa `l` ni `l*(l*)*`. Tuliite `X`. Salio la `X` kwa `l` ni `X|X`, kwa sababu `l*` ya mwanzo yaweza kuwa tupu na hivyo uwezekano unakuwa miwili, yote ikitoa kitu kilekile. Asiyejua kwamba `X|X` ni `X` ataihesabu kuwa hali mpya. Herufi inayofuata itampa `X` nne, inayofuata nane, na herufi ya kumi itampa `X` 512. Programu ya namna hiyo haisimami. Dalili zake ni idadi ya hali kuongezeka bila kikomo na kumbukumbu ya kompyuta kujaa, hata kwa ruwaza ya herufi tano.

Brzozowski alithibitisha kwamba kinga yake ni ndogo. Inatosha kuzingatia mambo matatu kuhusu `|`: mpangilio wa pande zake haubadilishi maana, mabano kati yake hayabadilishi maana, na kitu kilichorudiwa huandikwa mara moja. Ukiyafuata hayo matatu, ruwaza yoyote ina masalio machache yanayohesabika, na kazi lazima ifike mwisho. Kwa vitendo, waandishi wa programu hupanga pande za `|` kwa utaratibu mmoja, huondoa zinazojirudia, na huongeza kanuni za kufuta `∅` na `ε` zisizo na kazi.

Kinga hiyo haihakikishi kwamba mashine itakuwa ndogo kuliko zote. Katika mfano huu tunabaki na hali mbili, `(l*)*` na `X`, ingawa zote zinakubali maneno yaleyale na hali moja ingetosha. Kurahisisha huku kunatazama maandishi ya ruwaza tu, na ruwaza mbili zenye maana moja zaweza kuandikwa tofauti kabisa. Anayetaka mashine ndogo kabisa bado atapitia hatua ya kupunguza, ila mara nyingi hupata kidogo cha kupunguza.

Kukanusha bila kuzunguka

Sasa turudi kwenye maelezo ya C. Kanuni ya kukanusha ni fupi kuliko nyingine zote. Tukiandika `~r` kwa maana ya maneno yote yasiyo ya `r`, salio la `~r` ni `~` ya salio la `r`. Hakuna kusimama wala kugeuza kipande kwanza.

Ili tusichanganye nyota ya ruwaza na nyota ya maandishi, tuite nyota ya maandishi `n`, mkwaju `m`, na herufi nyingine yoyote `x`. Nukta ni herufi yoyote kati ya hizo. Maandishi yenye alama ya kufungia ndani yake ni `.*nm.*`. Tuyaite `P`. Maelezo kamili ya C basi ni `mn~(P)nm`, jinsi tulivyotaka kusema tangu awali.

Baada ya kusoma `m` kisha `n`, tuko kwenye `~(P)nm`, ndani ya maelezo. Hapo tukisoma `x` au `m` hakuna kinachobadilika, kwa sababu salio la `P` kwa herufi hizo ni `P`. Tukisoma `n`, mambo mawili yanawezekana. Nyota hiyo yaweza kuwa sehemu ya maelezo, na salio ni `~(P|m.*)nm`: kilichobaki cha maelezo kisiwe na `nm`, na kisianze na `m`. Au yaweza kuwa mwanzo wa kufunga, na inadaiwa `m` tu. Hali mpya ni hii:

```
~(P|m.*)nm | m
```

Kutoka hapo, `n` nyingine inatubakiza palepale, kwa hiyo msururu wa nyota hautusumbui. Herufi `x` inaturudisha ndani ya maelezo. Herufi `m` ndiyo yenye uzito. Upande wa kushoto unakuwa `~(P|.*)nm`, na kwa kuwa `.*` inakubali kila kitu, kinyume chake ni `∅`, upande wote unafutika. Upande wa kulia unabaki `ε`. Maelezo yamefungwa, na mashine haina njia ya kuendelea hadi kwenye maelezo ya pili. Ukihesabu na hali ya kukwama, `∅`, mashine nzima ina hali sita.

Mfano huu unatatua pia suala la herufi nyingi. Unikodi ina nafasi 1,114,112 za herufi, na kutafuta salio kwa kila moja kungekuwa kazi ya bure. Hapa tulihitaji makundi matatu tu: nyota, mkwaju, na nyingine zote. Scott Owens, John Reppy na Aaron Turon, katika makala yao ya mwaka 2009 iliyoirudisha njia hii mbele ya watu, walieleza jinsi ya kuyapata makundi hayo kutoka kwenye ruwaza yenyewe, na wakaonyesha kwamba mashine zinazotoka mara nyingi ni ndogo kabisa au zinakaribia kuwa hivyo.

Mipaka yake

Zipo ruwaza ambazo mashine yake ya njia moja ni kubwa kwa asili, hata uiunde kwa njia gani. Maneno ambayo herufi yake ya 20 kutoka mwisho ni `l` yanahitaji hali 1,048,576, kwa sababu mashine lazima ikumbuke herufi 20 za mwisho. Salio haliwezi kuuondoa ukubwa huo, lakini linatoa njia ya kuishi nao. Kwa kuwa kila hali inazaliwa na ile iliyotangulia, si lazima uziunde zote kabla ya kuanza. Unaunda hali pale tu maandishi yanapoifikia, unaihifadhi, na unaendelea. Maandishi ya herufi elfu moja hayawezi kudai zaidi ya hali elfu moja mpya.

Hivyo ndivyo inavyofanya kazi injini iliyowekwa kwenye .NET 7 ya Microsoft mwaka 2022, inayowashwa kwa chaguo la `RegexOptions.NonBacktracking`. Injini za kawaida hujaribu njia moja, zikikwama hurudi nyuma na kujaribu nyingine, na kwa ruwaza mbaya muda huongezeka maradufu kwa kila herufi hadi tovuti nzima inasimama. Injini ya masalio hairudi nyuma, kwa hiyo muda wake hukua sambamba na urefu wa maandishi. Inachokosa ni vile vipengele ambavyo si ruwaza halisi, kama kudai kwamba neno lililonaswa awali lijirudie vilevile mbele. Anayevihitaji hana budi kubaki na injini ya zamani.

Brzozowski alifariki mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Waterloo. Kujaribu njia yake hakuhitaji kompyuta. Anza na `(la)*`, tafuta salio lake kwa `l` na kwa `a`, kisha salio la kila hali mpya, mpaka usipate jipya. Utapata hali tatu, moja ikiwa ile ya kukwama. Ukipata zaidi ya hizo, rudi utafute mahali uliposahau kurahisisha.